Kikapu Kinachopinduliwa

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa sababu nilikuwa nimezoea kuuza mboga. Anayeuza lengalenga huzinyunyizia maji asubuhi, akazinyunyizia tena jua likipanda, na mteja hupenda kuona majani yanang'aa. Kwa hiyo tante, mdogo wake mama, aliponipa kwa mara ya kwanza freze za shamba lake la Nyantende, nilizitendea kama lengalenga. Freze ndilo jina tunalotumia Bukavu. Kwingine huitwa stroberi. Nilizipanga katika vikapu vidogo vya mianzi, nikazinyunyizia maji, nikazifunika kwa jani bichi la mgomba, nikaenda kuziuza Muhumba katika nyumba moja yenye ua wa maua. Zilimetameta. Mama wa nyumba alizinunua zote bila kubishana.

Wiki iliyofuata mpishi wake alinipokea kwenye mlango wa jikoni akiwa na sahani mkononi. Alikuwa mzee mmoja mnene, mwenye kuimbia puani, aliyejifunza kupika kwa masista miaka mingi kabla ya vita.

"Kuya uone batoto bako," alisema. "Bameota ndevu."

Kwenye sahani zilikuwa freze tano au sita zilizovaa manyoya ya kijivu, mafupi na mazito kama ya panya. Alichukua kijiko, akagusa moja. Ilitoa moshi mwembamba, kama unapopuliza majivu baridi.

"Unaona hii moshi? Hiyo njo mbegu yake. Inaruka kwa wengine. Weye uliwapa maji ya kunywa, ukawafunika blanketi. Sasa wanazaa."

Aliona uso wangu, akaacha kucheka, akanivutia kiti kidogo cha kukalia. Mafunzo yale hayakuchukua hata nusu saa, lakini ndiyo yaliyotulisha miaka yote ya vita vya pili.

Alinionyesha kwamba manyoya huja mwisho. Mwanzo wake ni doa la rangi ya chai, laini, kama mahali palipobonyezwa na kidole cha moto. Mara nyingi doa hilo hujificha chini ya kofia ya majani, au ubavuni, pale tunda lilipolala juu ya udongo au juu ya mwenzake. Ukilibonyeza halichuruziki maji. Linabonyea tu, likabaki limebonyea. Ukungu huo hupenda unyevu, na baridi haiutishi. Hata ndani ya frigo unaendelea, ila polepole.

"Freze haioshwi mpaka mtu anataka kuikula," alisema. "Na yenye ndevu usiikate na kisu. Iko laini sana hii tunda. Ugonjwa unatembea ndani kupita pale macho inaona. Unatupa muzima. Ile iliyoigusa, unaigeuza pande zote. Kama iko na doa, ama iko imeloa, nayo inaenda."

"Na kuipika jamu?"

"Jamu ya ndevu? Utakula weye na bibi-mkwe wako."

Mama wa nyumba mwenyewe aliingia tukicheka. Alifanya kazi ofisini, mumewe alifundisha chuo kikuu, na alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniambia atanipa nafasi moja tena. Kuanzia siku hiyo alikuwa na desturi yake: kila nikileta kikapu, hakuangalia matunda ya juu. Alikipindua kwenye sinia, chini ikawa juu, kisha akaangalia. Wauzaji wengi wa mjini hufunika kikapu kwa matunda makubwa, na chini yake ukakuta mengine. Kila mtu anajua, na kila mtu hufanya. Yeye alikuwa amechoka nayo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikufa kwa ugonjwa, baba alikufa njiani mwanzoni mwa vita, na mimi niliacha shule nikiwa darasa la pili la sekondari kwa sababu lazima mtu mmoja abaki na wengine. Wengine walikuwa watatu: mdogo wangu wa kike aliyenifuata, kisha wa kiume wa miaka tisa, kisha kitinda mimba wa miaka mitano. Tuliishi Bagira katika nyumba ya baba. Baada ya matanga ndugu walikaa wakasema tugawanywe, kila mmoja aende kwa jamaa mwenye uwezo. Hawakusema kwa ubaya. Nilisimama nikasema kwamba nitawalisha. Tonton, kaka mkubwa wa baba, ambaye alikuwa mkulima huko Mwenga, alinitazama muda mrefu akasema, "Tutaona."

Alikuja kuona siku ya Alhamisi moja ya msimu wa mvua. Alifika jioni na mfuko wa mihogo mikavu. Alikula nasi, akawapa wadogo peremende, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Jumamosi atarudi Mwenga na wale wawili wa mwisho.

"Nyumba yangu iko kubwa," alisema. "Hapa munakula nini? Freze?"

"Ndiyo, tonton. Tunakula freze. Ni kusema, freze njo zinatulisha."

Nilimwonyesha vikapu sita kando ya ukuta. Nilivitoa Nyantende mchana ule ule. Mama wa Muhumba aliviagiza kwa ajili ya Jumapili: mjukuu wake alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na alitaka kuoka tati kubwa, ile keki bapa inayopangwa matunda juu. Ningevipeleka Ijumaa asubuhi. Nilimweleza tonton kwamba kila Ijumaa anachukua, na kwamba kwa mteja mmoja kama huyo unga haukosekani nyumbani.

"Mteja mumoja," alisema tonton. "Akikataa siku moja, batoto banalala njaa. Sawa. Kesho tutaona kama anachukua. Akichukua, ninarudi peke yangu. Akikataa, unanipa bale wawili bila machozi."

Nilikubali. Sikuwa na njia nyingine, na pia nilikuwa na hakika na vikapu vyangu.

Alfajiri ya Ijumaa milio ya risasi ilianza upande wa mjini. Haikuwa karibu nasi. Lakini hakuna basi lililoondoka Bagira, na jirani alitupigia ukuta kutuambia tusitoke. Tulikaa ndani na mlango umefungwa. Mvua ilinyesha karibu mchana kutwa. Mdogo wangu aliwafundisha wale wawili hesabu kwa punje za maharagwe. Tonton alisinzia. Mimi nilikaa nikitazama vile vikapu sita. Nilivipandisha juu ya meza, nikaviachia nafasi kati yao ili hewa ipite, lakini chumba kilikuwa na watu watano na nguo zenye unyevu, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Jumamosi asubuhi kulikuwa kimya. Kabla hata ya kuwasha moto nilipeleka kikapu cha kwanza mlangoni, penye mwanga. Juu kilikuwa kizuri. Nilitandaza kitambaa kikavu, nikaanza kutoa moja moja kwa kushika kikonyo.

Ya nne ilikuwa na doa la rangi ya chai chini ya kofia. Ya saba pia. Katikati nilikuta tatu zimeshikana, na pale ziliposhikana kulikuwa na yale manyoya ya kijivu, bado mafupi, kama vumbi la unga wa mtama. Nilizitoa zote tatu kwa pamoja, polepole, bila kuzitikisa, nikaziweka ndani ya gazeti.

Tonton alisimama nyuma yangu akipiga mswaki kwa kijiti.

"Unafanya nini?"

"Ninachagua."

"Unatupa chakula. Siku ya tatu hatujaenda soko na unatupa chakula."

"Ziko na ukungu, tonton."

Alichutama. Alichukua moja niliyoiweka kwenye gazeti, akatoa kisu chake mfukoni, akakata upande wenye doa, akala uliobaki. Alitafuna. Akaacha kutafuna.

"Iko namna gani?" aliuliza mdogo wangu wa kiume.

"Iko sawa."

"Mbona umefunga macho?"

"Kimya, weye." Alienda kutema nje. Aliporudi alisema ina ladha ya ghala. Lakini hakuacha. Alikuwa mtu wa shambani, mwenye akili, na alijua masoko. "Sikia, mutoto ya ndugu yangu. Zile zenye ndevu tupa, sibishani. Lakini hizi zenye doa tu, ziweke chini. Nzuri ziweke juu. Vikapu sita aliomba, vikapu sita anapata. Nani haifanyi vile?"

Nilimwambia kwamba yule mama hupindua vikapu.

"Leo hatapindua. Iko na sherehe, iko na haraka, barabara ilikuwa imefungwa, atashukuru Mungu kuona freze tu."

Huenda alikuwa na haki. Nilifikiri hivyo wakati ule, na nadhani hivyo hata leo: siku kama ile mtu angeweza asipindue. Na mimi ndiye niliyekuwa na cha kupoteza. Kitinda mimba alikuwa ameketi karibu na goti langu, akinusa kitambaa. Nikipeleka vikapu vichache badala ya sita, mama anaweza kusema tati yake imeharibika, aende akatafute muuzaji mwingine. Nikipeleka sita vilivyofunikwa, anaweza kuvipokea leo, na kesho yake asubuhi, saa ya kuoka, akakuta zenye doa zimeshaota ndevu na nzuri za juu zimeanza kuugua. Hapo asingesubiri Ijumaa nyingine. Lakini tonton angekuwa ameshaondoka peke yake, maana yeye alitaka kuona tu kama mama atachukua. Ningeweza kushinda kwa siku moja.

Nilirudi kwenye kitambaa. Nilifanya mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la gazetini: zenye manyoya, zenye doa, zilizolegea, zilizoloa. La pili zile zilizolala bega kwa bega na wagonjwa lakini zenyewe ni ngumu, kavu, hazina alama. Hizo haziuzwi, zinaoshwa na kuliwa siku hiyo hiyo, maana kesho haziaminiki. La tatu zile zilizokuwa mbali, ngumu, zenye kofia ya kijani iliyosimama. Hizo tu ndizo za kurudi kikapuni. Kila tunda nililigeuza, nikafunua kofia yake kwa ukucha. Mdogo wangu aliyenifuata alikaa upande wa pili akafanya vilevile bila kuambiwa. Majani ya zamani yaliyokuwa chini ya vikapu niliyatoa, nikavikung'uta vikapu nje mbali na kitambaa, nikavianika juu ya moto mpaka vikakauka.

Tulipomaliza, vikapu sita vilikuwa vimekuwa viwili na nusu.

Tonton alihesabu kwa macho, akavuta pumzi. "Basi niende na weye," alisema. "Nione vile anakufukuza."

Fungu la pili niliwaoshea wadogo. Walikula wote wamesimama, midomo ikawa myekundu. Gazeti nililizika kwenye shimo nyuma ya nyumba.

Tulitembea mpaka tulipopata basi, tukashuka mjini, tukatembea tena. Maduka machache yalikuwa wazi. Watu walisalimiana kuliko kawaida. Tonton alibeba kikapu kimoja mbele ya kifua kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai, na nilipomwambia si lazima, akasema yeye hajui, labda nazo ziko na desturi yao ya kubebwa.

Mpishi hakuwapo. Alikaa mtaa wa mbali na hakuwa amefika tangu Alhamisi. Mama wa nyumba mwenyewe alitufungulia mlango wa jikoni, amejifunga kitambaa kichwani, na unga mpaka viwiko. Nyuma yake frigo ilikuwa wazi, giza ndani. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa.

"Karibu, mwanangu. Mungu ni mwema, umefika." Kisha aliangalia mikono yetu. "Na vingine?"

"Ni hivi tu, maman."

"Niliomba sita."

"Ndiyo, maman. Sita vilikuwapo. Vililala siku mbili nyumbani, ukungu ukaingia. Nimetoa."

"Umetoa zaidi ya nusu?"

"Ndiyo."

Tonton alikohoa, akasema, "Maman, mimi ni tonton yake. Ametupa mbele ya macho yangu. Nilimugombeza."

"Ama mumekula," alisema mama, bila kutabasamu.

"Moja nilikula," alisema tonton. "Sitasahau."

Alichukua sinia, akaliweka mezani. Akakipindua kikapu cha kwanza. Tonton alinitupia jicho, kisha akaangalia chini. Mama alizitandaza freze kwa kiganja, akageuza moja, akafunua kofia, akageuza nyingine. Akakipindua cha pili. Kisha na ile nusu. Alizipitia zote, na haraka yake yote ya sherehe hakuitumia hapo. Hakukuta doa hata moja.

"Ni safi," alisema. Lakini uso ulibaki na wasiwasi. "Ni safi, ila hazitoshi kwa tati ya watu wangu. Na zabibu nazo zimekufa."

Alinionyesha sanduku kwenye meza ya dirishani. Zilikuwa zabibu nyeusi, mashada matano, zawadi kutoka bustani ya mapadri. Zilikuwa ndani ya frigo umeme ulipokatika. Alisema zote zimeota ukungu mweupe, anataka kumwambia mlinzi akazimwage.

Sikuwahi kuuza zabibu. Lakini siku moja mpishi alikuwa amenipa shada dogo nionje, akanieleza, kwa sababu alipenda kueleza. Niliomba ruhusa, nikachukua punje moja nikaisugua kwa kidole gumba. Weupe ulitoka wote, ngozi ikabaki nyeusi inayong'aa.

"Hii si ukungu, maman. Ni poda yake. Inazaliwa nayo. Iko sawasawa kila mahali, na inafutika."

Alijaribu mwenyewe. Akajaribu nyingine. "Basi zote nzima?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lingekuwa jibu la kumfurahisha, na tonton alikuwa pale. Lakini nilinyanyua shada la kwanza kwenye mwanga wa dirisha, nikalitazama ndani, kwenye kiini, punje zinapobanana na hewa haifiki. Kulikuwa na punje mbili za rangi ya kahawia. Nilizibonyeza kidogo: ngozi iliteleza ikaachana na nyama, kama soksi inavyovuka mguuni. Kwenye ufa wa punje moja kulikuwa na kishungi cha kijivu. Nilimwonyesha tofauti: hiki hakifutiki, kiko mahali pamoja, na chini yake ni laini.

"Hapana, maman. Si zote."

Aliniletea mkasi. Nilikata punje mbaya pamoja na zilizozigusa pande zote, kwa kukata kikonyo, sio kwa kung'oa, maana ukiing'oa ngozi hupasuka na maji yake hulowesha nyingine. Shada la pili na la tatu yalikuwa na punje zilizoachana, hewa imepita, hayakuwa na kitu. La nne nililipoteza theluthi yake. La tano lilikuwa limebanana sana, na nilipolifungua katikati kijivu kilikuwa kimetambaa mpaka kwenye bua. Nililiweka kando zima.

"Lote?" aliuliza mama. "Hizi za nje ni nzuri."

"Leo ni nzuri, maman. Sherehe ni kesho."

Alilitazama lile shada. Lilikuwa kubwa kuliko yote. Kisha akalichukua yeye mwenyewe, akalitumbukiza kwenye ndoo ya taka.

Alisimama muda akitazama meza. Freze hapa, zabibu pale. Akaanza kupanga kwa kidole juu ya unga, akizungumza peke yake: freze katikati, zabibu zikikatwa mbili kuzunguka. Zitatosha. Akaniuliza nimeosha freze? Nikasema hapana, zitaoshwa kesho wakati wa kupanga tati. Akaitikia kwa kichwa.

"Ijumaa unakuja," alisema.

"Ndiyo, maman. Vikapu vingapi?"

"Vile vitakuwa vizuri. Usinijazie." Kisha, akifunga mlango wa frigo kwa goti: "Na kama ni kimoja, leta kimoja."

Tulirudi mpaka penye mabasi. Hapo tonton alicheka ghafla.

"Aliipindua, ee! Na ile sherehe yake yote, aliipindua!"

"Nilikuambia."

"Uliniambia." Akafuta uso na kofia yake. "Ningekuaibisha, mutoto."

Jumapili alituongoza kanisani, sote watano kwenye benchi moja. Jumatatu aliondoka peke yake. Nilimpa kikapu kidogo cha fungu la pili, kwa sababu Jumapili jioni tante alikuwa ametuma freze nyingine na tulikuwa tumechagua tena. Nilimwambia azile leo leo, asifike nazo Mwenga.

Alizigeuza moja moja pale mlangoni, akafunua kofia zake kwa ukucha wake mkubwa wa mkulima, kitinda mimba akimchungulia.

"Hii?" aliuliza tonton.

Mtoto aliichukua, akaibonyeza, akairudisha. "Hii unakula sasa," alisema. "Usingoje basi."

Tonton akaila pale pale.